Paa limeezuliwa: nilivyomwandikia ticha mwenzangu, nilivyomwandikia Mkurugenzi

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Mwezi Machi, mvua za masika zilipokuwa zinaanza, upepo wa jioni ulituezulia paa la madarasa mawili. Jioni hiyohiyo, kwa simu ileile, niliandika habari hiyo mara mbili: kwanza kwa rafiki yangu ambaye ni mwalimu mkuu wa shule ya kata ya jirani, kisha kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu. Walimu wadogo huniuliza mara kwa mara namna ya kuwaandikia wakubwa, na nikiwaonyesha jumbe hizi mbili wanaelewa haraka kuliko nikiwapa kanuni. Nitaziweka hapa zote, nikiwa nimetoa majina.

Kwa rafiki yangu niliandika hivi:

"Ticha, huku kwangu balaa. Upepo wa jioni hii umebeba paa la tatu na la nne lote, bati zingine ziko mashambani kwa watu. Namshukuru Mungu watoto walishaondoka. Sasa kesho sijui hawa 143 nawaweka wapi. Yale maturubai ya mahafali bado unayo? Na yule fundi wako wa kenchi anapatikana? Nipigie."

Kwa Mkurugenzi niliandika hivi:

"Habari za jioni Ndugu Mkurugenzi, pole na majukumu. Ni Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi …, Kata ya …. Naomba kutoa taarifa kuwa leo tarehe 12 Machi, saa 11:20 jioni, upepo mkali ulioambatana na mvua umeezua paa la vyumba viwili vya madarasa, Darasa la III na la IV. Hakuna mwanafunzi wala mtumishi aliyejeruhiwa. Wanafunzi walikuwa wameshaondoka. Wanafunzi walioathirika ni 143. Afisa Elimu Kata na Mtendaji wa Kijiji wamefika, na eneo limezungushiwa kamba. Kuanzia kesho madarasa hayo yatasoma mchana katika vyumba vya Darasa la I na la II. Naomba Mhandisi wa Halmashauri afike kukagua kuta. Taarifa ya maandishi nitaiwasilisha kesho kupitia kwa Afisa Elimu Kata. Naomba kuwasilisha."

Jambo ni lilelile: paa limeondoka, watoto wako salama, hawana pa kusomea, nahitaji msaada. Wengi wakizisoma huona kwamba ujumbe wa pili una adabu na wa kwanza hauna. Mimi sioni hivyo. Ujumbe kwa rafiki yangu una adabu yake kamili. "Nipigie" kwa mtu tuliyesoma naye chuo cha ualimu, tukalala naye bweni moja na kula naye makande ya Jumamosi, si amri hata kidogo. Ningemwandikia "Naomba, endapo nafasi itaruhusu, uniazime maturubai," angeshtuka. Najua kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kunifanyia hivyo. Tulipishana kuhusu mchango wa msiba wa mwenzetu, na siku iliyofuata nikapata ujumbe unaoanza, "Ndugu Mwalimu, rejea mazungumzo yetu ya jana." Kabla sijasoma mstari wa pili nilishajua amekasirika, nikamfuata nyumbani kwake siku hiyohiyo. Kati ya marafiki lugha ya ofisi ni mlango uliofungwa, na anayeufunga huwa anajua anachofanya.

Tofauti kubwa ya jumbe zile mbili ni njia ambayo kila mmoja utapita baada ya kutoka mkononi mwangu. Wa rafiki yangu unaishia kwake. Anaijua shule yangu, anajua darasa la nne liko upande gani, anajua kwamba ninaposema "balaa" sijatia chumvi. Mengi sikuyaandika kwa kuwa tayari anayo kichwani. Ujumbe wa Mkurugenzi hauishii kwake. Dakika chache baadaye atapigiwa simu na Mkuu wa Wilaya aliyeona picha mtandaoni, naye atataka kumjibu kwa maneno yangu. Huenda akausambaza kama ulivyo kwa Afisa Elimu Awali na Msingi, kwa Mhandisi, na kwa wengine wasionijua kabisa. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kutuma hujiuliza swali moja tu: je, anaweza kuupeleka mbele bila kubadilisha neno? Kama kuna neno atalazimika kulifuta, nalifuta mimi.

Swali hilo ndilo lililoamua nini kibaki na nini kitoke. "Balaa" halivuki, maana Mkuu wa Wilaya atauliza balaa la kiasi gani. "Bati zingine ziko mashambani kwa watu" ni kweli na inaonyesha ukali wa upepo, lakini haimsaidii mtu anayetaka kujua aanze na nini. "Jioni hii" ikawa saa 11:20, kwa sababu ujumbe unaosambazwa usiku au kesho yake hauna tena "jioni hii". Na "hakuna aliyejeruhiwa" ikasogezwa mbele kabisa, mara tu baada ya tukio lenyewe. Kiongozi akisoma kwamba paa la shule limeezuliwa, moyo wake unakwenda kwa watoto kabla macho hayajafika mwisho wa sentensi, na si haki kumpitisha kwenye habari za kamba na za Mtendaji wa Kijiji kabla hajajibiwa hilo.

Neno ambalo halikuvuka kabisa ni "sijui". Kwa rafiki yangu niliandika "sijui hawa 143 nawaweka wapi" kwa sababu kweli sikujua, na kumwambia hivyo ndiyo ilikuwa njia ya kupata jibu. Alinipigia palepale. Shule yake iliwahi kupatwa na jambo hilihili. Akaniambia, "Usiwaweke chini ya mti, Ticha, masika haya watalowa wote. La kwanza na la pili wanatoka saa ngapi kwako?" Nikamjibu saa 5 na nusu. "Basi vyumba unavyo. Wa tatu na wa nne waje mchana." Hilo ndilo lililokuja kuwa sentensi ya zamu ya mchana katika ujumbe wa Mkurugenzi.

Ndiyo maana naanza na rafiki pale ninapopata hata dakika kumi. Kwa rafiki unapeleka tatizo likiwa bado bichi, kwa mkubwa unapeleka tatizo pamoja na hatua ulizokwisha kuchukua. Mkurugenzi hakuajiriwa kunipangia ratiba ya vipindi. Nikimwandikia "sijui niwaweke wapi", nimemkabidhi kazi yangu. Nikimwandikia walipowekwa, inabaki kwake ile tu isiyo ndani ya uwezo wangu, yaani Mhandisi na, baadaye, fedha. Ila dakika kumi zisigeuke saa mbili. Taarifa ya maafa ikimfikia mkubwa kupitia kundi la wazazi kabla haijatoka kwako, hata ukiiandika vizuri namna gani atakuwa ameshaumia.

Wakati nikizungumza na Afisa Elimu Kata, nilikuwa nimemwomba mwalimu mmoja kijana aanze kuandika rasimu ya ujumbe wa Mkurugenzi. Alileta hii: "Shikamoo Mkurugenzi. Hali huku ni mbaya sana, madarasa yameharibika vibaya na watoto wanateseka. Tunaomba msaada wa haraka jamani." Ni mwalimu mwenye moyo, na maneno yake yalitoka kwenye moyo huo. Lakini soma kama Mkurugenzi: ni shule gani? Madarasa mangapi? "Wanateseka" maana yake wameumia? Na "jamani" ni neno la watu walioketi pamoja wakilalamikiana. Kwa mkubwa linaonekana kama unamlaumu, au unamlilia.

Nililishikia pia lile "Shikamoo". Kwetu shikamoo inafuata umri kuliko cheo. Mkurugenzi wetu ni kijana kwangu, karibu lika la mdogo wangu wa mwisho, na tukikutana ana kwa ana hunianza yeye. Mimi kumwandikia shikamoo ingekuwa kumweka mahali ambapo yeye mwenyewe angeona haya. Kwa mwalimu yule kijana ingefaa kama salamu yake binafsi, lakini ujumbe ulikuwa unatoka kwa shule, wala shule haina umri. "Habari za jioni, pole na majukumu" inamfaa mkubwa wa umri wowote, na ukisambazwa mbele haimtahayarishi mtu. Na kwa Mkurugenzi ni "Ndugu", kwa kuwa ni mtumishi wa umma. Diwani nilipomwandikia usiku huo, kwa ujumbe uleule uliofupishwa, nilianza na "Mheshimiwa Diwani". Wako wanaomwita kila mwenye gari la serikali Mheshimiwa wakidhani wanaongeza heshima. Anayejua taratibu huona tu kwamba mwandishi hakuwa na hakika.

Kosa la upande wa pili nalo nimeliona mara nyingi kwenye rasimu za watu wazima: "Kwa heshima na taadhima kubwa, napenda kuchukua fursa hii adhimu kukusalimu na kukupongeza kwa kazi kubwa unayoifanya…" Barua ya karatasi inaweza kuvumilia mstari mmoja wa namna hiyo. Simu haiwezi. Ujumbe ukiingia, kioo cha simu kinaonyesha mistari miwili mitatu ya mwanzo tu. Mkurugenzi akiwa kikaoni akaona pongezi, ataurudisha mfukoni ausome usiku. Akiona "Naomba kutoa taarifa kuwa leo… umeezua paa", atatoka nje. Heshima ya ujumbe wa simu iko katika kumfikishia mtu jambo mapema, na katika kujitambulisha kikamilifu ili asilazimike kuuliza "Nani mwenzangu?" Namba yangu anaweza kuwa nayo, anaweza asiwe nayo. Najitaja kwa cheo na kituo kila mara.

Namna ya kuomba nayo inabadilika, na Kiswahili kimetupa njia nyepesi ya kufanya hivyo. Kwa rafiki niliuliza: maturubai unayo? Fundi anapatikana? Ombi limo ndani ya swali, yeye anajaza mwenyewe. Kwa Mkurugenzi swali la namna hiyo lingekuwa kumhoji. "Mhandisi yupo?" au "Mtamtuma lini?" yanamtaka ajieleze. "Naomba Mhandisi wa Halmashauri afike kukagua kuta" linamtaka aamue tu. Nimeomba jambo moja, lililo ndani ya mamlaka yake, linaloweza kufanyika kesho. Sikuomba mabati usiku ule, ingawa ndiyo niliyokuwa nayahitaji, kwa kuwa hakuna mkurugenzi anayeweza kuahidi mabati kwa ujumbe wa simu kabla Mhandisi hajaona na kukadiria. Ombi lisilojibika humlazimisha mkubwa anyamaze, nawe ukaja kudhani amekudharau.

Kuna jambo moja nililomwambia rafiki yangu kwa simu ambalo sikumwandikia Mkurugenzi kabisa usiku ule. Kenchi ziling'oka zikiwa nzima, zimelala uwanjani na bati zikiwa bado zimepigiliwa. Maana yake upepo haukuzivunja, uliziinua tu kama mtu anavyofunua chungu. Kwa rafiki nilisema wazi: "Hizi kenchi hazikufungwa, Ticha. Fundi aliziketisha tu juu ya linta akaondoka." Kwa rafiki hiyo ni sawa, tunafikiri pamoja na kesho naweza kubadili mawazo. Kwenye maandishi yanayokwenda Halmashauri sentensi ileile ni tuhuma dhidi ya mtu, imetolewa na mwalimu asiye mhandisi, na itaingia kwenye jalada ikae humo miaka.

Lakini kulinyamazia kabisa nalo lingekuwa kosa, kwa sababu madarasa mengine manne yalijengwa na fundi yuleyule. Kesho yake kwenye barua niliandika nilichokiona kwa macho na si nilichokihitimisha: "Kenchi zimeng'oka zikiwa hazijavunjika. Juu ya linta hakukuonekana waya wala nondo za kufungia kenchi. Naomba ukaguzi uhusishe pia vyumba vinne vilivyojengwa katika awamu hiyohiyo." Aliyesoma akiwa mhandisi alielewa mara moja. Mtu yeyote angeweza kuja kuitazama linta na kukuta ni hivyo.

Barua yenyewe ilifuata mwendo wake wa kawaida: anwani ya shule juu kulia, Kumb. Na. kushoto na tarehe, kisha Mkurugenzi Mtendaji na S.L.P. ya Halmashauri, chini yake "K.K. Afisa Elimu Kata", halafu "Ndugu," na kichwa, "Yah: Taarifa ya kuezuliwa paa la vyumba viwili vya madarasa". Aya ya kwanza haina namba, inayofuata inaanza na 2, na kuendelea. Namba hizo zina kazi yake. Afisa akiandika dokezo kwa mkubwa wake husema "rejea aya ya 3", na ombi lako likawa limeonekana. Ndiyo maana ombi naliwekea aya yake peke yake, silichanganyi na maelezo ya tukio. Na hapakuwa na "wewe" wala "nyinyi" ndani ya barua nzima, ilikuwa "ofisi yako". Ofisi ikichelewa hakuna mtu aliyechelewa, na mkurugenzi akihamishwa barua bado ina mwenyewe.

Jibu la Mkurugenzi usiku ule lilikuwa fupi: "Nimepokea. Poleni sana. Mhandisi atafika kesho." Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu ufupi wa mkubwa unaonekana kama ruhusa. Mwalimu mmoja aliyekuwa karibu yangu alisema, "Mjibu sawa." Nilijibu, "Asante Ndugu Mkurugenzi. Nitakuwepo shuleni kumpokea." Yeye anaweza kushuka, mimi nabaki pale nilipoanzia. Hata angeniandikia "pole sana ticha" ningebaki palepale, kwa upole. Rafiki yangu yeye alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, nusu yake akimsimulia mkewe habari yangu, nami nikamjibu "poa, asubuhi nakuja na bodaboda kuyachukua". Naye hakuhitaji zaidi ya hapo.

Mhandisi alikuja, akapima, akakuta ukuta mmoja wa mwisho umepata ufa kuanzia kwenye linta, akazuia chumba kimoja kisitumike. Makadirio yakapelekwa. Kisha ikaja ile kazi ngumu kuliko ujumbe wa kwanza, yaani kukumbushia, maana wiki zilipita bila jibu. Wazazi walitaka niandike kwa ukali. Niliandika: "Habari za asubuhi Ndugu Mkurugenzi, pole na majukumu. Ni Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi …. Naomba kukumbushia barua yetu ya tarehe 13 Machi kuhusu vyumba viwili vilivyoezuliwa paa. Makadirio ya Mhandisi yalishawasilishwa. Wanafunzi 143 wanaendelea kusoma zamu ya mchana, na Darasa la IV wana upimaji wa kitaifa mwaka huu. Naomba maelekezo." Ukali wote waliokuwa nao wazazi umo ndani ya ule upimaji wa darasa la nne, na msomaji wake anajua fika una uzito gani. Nisingeongeza hata neno moja la lawama, kwani lingempa kitu cha kujibu badala ya kujibu ombi.

Wiki hiyohiyo rafiki yangu naye alinikumbushia, kwa mstari mmoja: "Ticha maturubai yangu yameota mizizi huko?" Mahafali yake yalikuwa bado mbali, nikamwambia hayatoki hadi bati zipande. Akasema nikae nayo.